Wafu Hawaaliki

4 Mei

Kwa Shangazi wa bibi harusi,

Salamu kutoka upande wa kiumeni. Mimi ni baba mdogo wa kijana anayemuoa binti yenu. Kaka yangu, baba wa bwana harusi, ambaye kila mtu humwita Mzee wa Mabati kwa ajili ya lile duka lake, amenikabidhi kazi ya kutunga maneno ya kadi. Amenichagua kwa vile nimezeekea gazetini, kwenye dawati la matangazo ya familia, na maneno ya heshima ndiyo mkate wangu. Binti yenu kanieleza kwamba kwa upande wenu kila kitu kipitie kwako, na kwamba mambo ya maana huyazungumzi kwa simu kwa sababu simu haina nakala. Haya, naandika.

Rasimu ni hii:

"Familia ya Bw. na Bi. …………, pamoja na familia ya marehemu Bw. na marehemu Bi. …………, zinayo heshima kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki popote walipo kwamba kijana wao mpendwa ………… atafunga ndoa na ………… siku ya Jumamosi, tarehe 20 Juni. Shughuli zote zitafanyika nyumbani kwa familia, na baadaye msafara utaelekea ukumbini. Habari ziwafikie wajomba, mashangazi na wote waliowafahamu. Upendo wao utadumu mioyoni mwetu daima."

Majina nimeyaachia nukta. Kaka hajaamua kama uenyekiti wake wa wafanyabiashara uandikwe mbele ya jina au nyuma. Nadhani huna la kuongeza. Mchapaji anasubiri, kwa hiyo nijibu upesi.

Wako,
Baba Mdogo wa bwana harusi


9 Mei

Kwa Baba Mdogo wa bwana harusi,

Barua yako niliifungua, nikaisoma nimesimama, kisha nikakaa chini taratibu, maana nilidhani nimefiwa.

Bwana, unaandika matangazo ya vifo. Ungesema tangu mwanzo, usingenitia hofu. "Msafara utaelekea ukumbini" na maiti nani? "Wote waliowafahamu" kwani wanakwenda wapi hawa watoto? Na huo mstari wako wa mapenzi, "utadumu mioyoni mwetu daima", nimeuona chini ya picha za watu waliofumba macho kila Jumapili tangu nianze kununua gazeti.

Mimi nilikuwa mhazili wa ofisi kubwa mpaka nilipostaafu. Wakurugenzi walikuja wakaondoka, barua zao zote zilitoka kwenye mashine yangu, na hakuna hata moja iliyorudishwa. Kwa hiyo nikufundishe, bure. Kadi ya harusi haitangazi. Inaalika, na inamwalika mtu mmoja mwenye jina, ambaye jina lake linaandikwa kwa mkono kwenye nafasi iliyoachwa. Kwako sijaona nafasi hiyo. Anayealika anatangulia, linafuata neno la kualika, anafuata anayealikwa, ndipo waje wanaooana, siku, saa, mahali, na mwisho namna ya kujibu. Saa hukuandika kabisa. Watu waje alfajiri na mashuka yao?

Na la mwisho, kubwa kuliko yote. Wafu hawaaliki. Kaka yangu na mkewe walikufa ajalini, binti akiwa bado hajang'oka meno ya utoto. Unataka wao ndio wasimame mlangoni wapokee wageni? Futa hilo neno "marehemu" kwenye mstari wa kwanza, halafu tuendelee.

k.n.y. Familia ya bibi harusi,
Shangazi


13 Mei

Kwa Shangazi,

Nimepokea somo. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kukaa miaka yote hiyo akiandika anavyoambiwa, kisha akastaafu na kuanza kuwaambia wenzake waandike nini.

Nafasi ya jina la mgeni nitaiweka. Saa nitaiweka. Msafara nimeuzika. Lakini kwa "marehemu" umepotea, mama. Kadi kokote unakokwenda huanza na wazazi. Wazazi wakiwa hai wanaandikwa. Wakiwa wamekufa wanaandikwa vilevile, na neno "marehemu" linatangulia ili mgeni asije akawauliza hali. Ni heshima. Ukiwafuta watasema binti ameokotwa.

Na tuseme nimekusikiliza, nikawafuta. Mstari hauwezi kubaki mtupu. Lazima awepo mtu anayealika upande wa kikeni, mtu mwenye pumzi na jina. Nani? Nitajie, nimwandike. Nimekuuliza kwa lugha nyepesi kabisa, ya matangazo madogomadogo.

Na kwa kuwa wangu umekuchekesha, tuma mstari wako wa mapenzi tuusikie.

Baba Mdogo


17 Mei

Kwa Baba Mdogo,

Mimi si mama yako. Hii hapa kadi, nimeipiga mwenyewe:

"Familia ya Bw. na Bi. ………… na familia ya bibi harusi zinapenda kukuarifu Bw./Bi. ………… kwamba unaalikwa kuhudhuria ndoa ya ………… na …………, itakayofanyika Jumamosi, tarehe 20 Juni, kuanzia saa kumi kamili jioni. Unaombwa kufika kabla ya muda huo na kuja na kadi hii. Wasio na kadi hawataruhusiwa kuingia. Tafadhali thibitisha kwa maandishi. Wahusika wanapendana, na pande zote mbili zimeridhia."

Maneno machache, hakuna kilichosahaulika, na hakuna aliyekufa.

Umeuliza nani anaalika upande wetu. Nimeandika "familia ya bibi harusi". Inatosha. Sioni sababu ya kutafutana majina kama tuko polisi. Si kazi ya mtu kujitaja mwenyewe kwenye kadi, na anayefanya hivyo hana haya. Kaka yako na uenyekiti wake ni suala jingine.

k.n.y. Familia ya bibi harusi,
Shangazi


22 Mei

Kwa Shangazi,

Niliisoma kadi yako mbele ya watu wote nyumbani kwa kaka. Nilipomaliza, mke wake akauliza kama tutasomewa pia yatokanayo na kikao kilichopita. "Wahusika wanapendana, na pande zote mbili zimeridhia." Mashangazi wa upande wetu wamecheka mpaka mmoja ametolewa nje. Kijana mwenyewe hakucheka. Alisema tu, "Mtaiharibu harusi yangu kwa barua."

Sasa habari yenyewe, na siifungi kwenye karatasi ya zawadi. Kaka ameikataa "familia ya bibi harusi". Anasema ni nani huyo, hana sura. Ama liandikwe "marehemu Bw. na marehemu Bi.", ama kila upande uchapishe kadi yake, ualike watu wake na uketi upande wake wa ukumbi. Mchapaji naye amenibana. Maandishi ya dhahabu hukandamizwa kwa bamba la chuma ambalo huchongwa maneno kwanza. Likishachongwa, ukibadilisha hata nukta unachonga jingine. Analichonga Jumamosi ijayo, na baada ya hapo hatusikilizi.

Nilimwambia kaka kwamba huenda wewe ndiye wa kuandikwa. Nilisema kwa kubahatisha tu, maana barua zako zina harufu ya mtu anayesubiri kubembelezwa. Akajibu kwamba kadi ya mwanawe haitafunguliwa na jina la mwanamke asiye na mume wala mtoto. Hayo ni maneno yake, nimeyabeba kama yalivyo.

Binti yenu alikuwepo wakati huo. Alikuwa amekuja kuuliza vipimo vya ukumbi. Aliweka kikombe mezani, akaondoka bila kuaga.

Na hapo kwenye mapenzi, samahani, nakubaliana na kaka kidogo. Mtu aliyeishi na mashine ya chapa atatuambia nini juu ya kupenda?

Baba Mdogo


25 Mei

Kwa Baba Mdogo,

Mwambie kaka yako kwamba amesikika. Mwambie pia kwamba mabati yake yanavuja. Ninayo mawili juu ya jiko langu.

Wewe nakupa vidonge vyako mwenyewe. Umeniuliza najua nini. Sijui mashairi. Najua kwamba niliporudi kazini nikiwa hoi, alikuwepo mtoto nyumbani aliyekuwa hataki kula kitu chochote kisichotoka kwenye sahani ya bluu, na sahani ya bluu ilikuwa moja, na ndiyo niliyoosha kwanza kila siku. Najua alivyokuwa akirudi shuleni. Akiufunga mlango kwa kishindo, wamemsifia. Akiurudisha polepole mpaka kitasa kikalia kidogo tu, wamemcheka kwa sababu hana mama. Kabla hajafungua mdomo mimi nilishajua, na nilishaweka sufuria jikoni. Kumpenda mtu ni kumjua kwa anavyofunga mlango, bwana. Mengine ni mapambo mnayouziana gazetini.

Sasa nisikilize. Andika "marehemu". Andika wote wawili, kwa herufi kubwa ukitaka. Sitaki watoto wale wagawiwe kadi mbili kama watu waliofumaniwa. Sitaki mgeni afike ukumbini aulizwe wewe ni wa upande gani. Mimi nitakaa popote mtakaponiweka. Nimekaa nyuma kwenye shughuli nyingi na nyuma kunapita hewa.

Hii ni idhini kamili, chonga bamba lako.

k.n.y. Familia ya bibi harusi,
Shangazi


27 Mei

Mwanangu,

Huyu ni baba mdogo wa mchumba wako, yule mwenye suti moja. Shangazi yako ameniandikia kwamba amekubali "marehemu". Nimeisoma barua mara mbili na haikunipendeza. Mwanamke yule amenitukana tangu mwanzo wa mwezi kwa raha zake zote, nami nimemrudishia, na leo ananiambia chonga. Mtu wa namna ile hanyamazi hivi hivi.

Nikueleze kitu cha kazini kwangu. Watu hufika kwenye dawati langu wakiwa na tangazo la msiba na ugomvi. Mke mkubwa anataka atangulie, mtoto wa kwanza anataka atangulie, kuna kaka aliyekuja kwa ndege na shati jeupe ambaye anataka jina lake tu. Wanapigiana kelele mbele yangu kana kwamba mimi ni kiti. Mimi nikishachoka nao huuliza swali moja: "Nani alikuwa akimgeuza kitandani?" Wote, bila kutaka, wanageuka kumtazama mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo amesimama karibu na mlango. Huyo ndiye namwandika wa kwanza. Sijawahi kulalamikiwa.

Sasa wewe hujafa, lakini nakuuliza. Ulipokuwa mtoto, nani alikuwa akikugeuza kitandani?

Nijibu kabla ya Jumamosi, na usipambe. Nimesoma mapambo ya kutosha maishani.

Baba Mdogo


28 Mei

Baba Mdogo, shikamoo,

Swali lako unalijua jibu lake, lakini naandika kwa sababu nimechoka kuona mnamzunguka.

Ni Shangazi, peke yake. Alijifunza kunisuka nywele kwa kutazama wanawake wengine dirishani mwa basi, na zilikuwa zikifumuka kabla sijafika shuleni. Nilipougua alibeba mashine yake ya chapa mpaka hospitali, akawa anapiga barua za mkurugenzi pembeni ya kitanda changu hadi wagonjwa wakalalamika. Aliwahi kuposwa, na mtu wa maana tu. Mtu huyo aliuliza mimi nitapelekwa wapi. Shangazi akamfungulia mlango akamwonyesha njia.

Siku niliyohitimu chuo, safu za mbele zilikuwa za wazazi. Nilimtafuta kwa macho nikiwa jukwaani. Alikuwa amekaa nyuma ya nguzo, na mtu wa mlangoni hakumpeleka huko, alikwenda mwenyewe. Nilipomuuliza alisema kule kunapita hewa. Baba Mdogo, hakuna hewa yoyote nyuma ya nguzo.

Hatakuomba aandikwe. Maisha yake yote ameandika majina ya watu wengine na kuwaachia nafasi ya kusaini. Hata barua za shuleni kwangu alikuwa anaweka "k.n.y." kisha jina lake kwa herufi ndogo, kana kwamba wazazi wangu wako safarini na watarudi kuthibitisha.

Wazazi wangu nawapenda kwa picha, na ningefurahi wakumbukwe. Lakini kadi ikisema naolewa kutoka kwa marehemu na marehemu, inasema sina mtu. Mimi nina mtu. Mwambie Mzee wa Mabati, kwa heshima zote, kwamba kadi hiyo sitaigawa. Mchumba wangu amekubali, yuko hapa pembeni, na anasema ataniunga mkono ingawa anamwogopa baba yake.

Mwanao


31 Mei

Kwa Shangazi,

Idhini yako nimeipokea na nimeitupa. Haikuwa na maana yoyote na uandishi wake ulikuwa wa hovyo.

Jana nilikwenda dukani kwa kaka. Alikuwa amekaa juu ya lile kochi lake kati ya mabati na misumari, anakunywa chai, anawaagiza watu ambao walishaondoka. Nikamsomea kadi mpya. Akaja juu. Mwanamke asiye na mume, mwanamke asiye na mtoto, wimbo uleule. Nikamwacha mpaka akahema. Kisha nikamkumbusha jambo moja tu, kwa upole kabisa: kwamba tangazo lake yeye, siku ikifika, litaandikwa na mimi, na kwamba ninaweza kuliandika kwa maneno mengi mazuri au kwa mawili. Kaka yangu haogopi kitu duniani, lakini anaogopa sana kuzikwa bila sifa. Akasema, "Mwandike huyo mwanamke wako." Si wangu, nilimwambia, Mungu aniepushe.

Hii hapa rasimu ya mwisho. Imeshapangwa kwa mchapaji, amekubali kutungoja, na bamba sasa linachongwa Jumanne.

"Kupenda ni kumjua mtu kwa anavyofunga mlango.

…………,
shangazi na mlezi wa bibi harusi,
pamoja na
Bw. na Bi. …………,
wazazi wa bwana harusi,
kwa furaha na heshima
wanakualika wewe
Bw./Bi./Familia ………………
kushuhudia ndoa ya watoto wao
………… na …………,
Jumamosi, tarehe 20 Juni,
saa kumi jioni,
katika ukumbi ulioonyeshwa nyuma ya kadi hii.

Wazazi wa bibi harusi, waliotutangulia mbele ya haki, wanakumbukwa siku hii kwa upendo.

Tafadhali tujulishe kabla ya tarehe 14 Juni kama utakuja, na utakuja na nani.
Kufika kwako ndiko kutakakoikamilisha furaha yetu."

Mstari wa juu ni wako. Uliutupa kwenye barua ukiwa umekasirika, nikauokota. Kaka aliuliza ni mlango gani. Mkewe, ambaye hajambishia tangu mwaka huu uanze, alimjibu: "Wako. Miaka yote hii nausikia."

Utaona nimekutanguliza juu ya watu wangu. Usijidanganye kwamba ni mapenzi. Ni utaratibu wa dawati langu na ninaufuata hata kwa watu wasiovumilika. Jina lako silijui. Tangu tuanze kuandikiana hujawahi kuliandika. Lijaze kwenye nukta za kwanza kabisa, ulirudishe kabla ya Jumanne.

Baba Mdogo


1 Juni

Kwa Baba Mdogo,

Mtu wa mabasi anayetubebea barua amesimama mlangoni anaisubiri hii, kwa hiyo sitakuwa na nafasi ya kukutukana ipasavyo.

Masahihisho. "Waliotutangulia mbele ya haki" inanuka dawati lako, toa. Weka: "Wazazi wa bibi harusi tunawakumbuka siku hii kwa upendo." Mstari huo uwe na maandishi madogo na ukae peke yake, usigusane na tarehe ya kujibu. Nukta za mgeni ziongezwe urefu, kuna watu wana majina marefu na vyeo vya kujipa. Huyo wenu aandikwe Bw. na Bi. tu. Uenyekiti wa mabati hauna pa kukaa kwenye kadi hii.

Mstari wa juu ulikuwa wa barua, haukuwa wa kadi, na ulikuwa ni wa kukutukana wewe. Kuchukua maneno ya mtu bila kumuuliza kunaitwa wizi. Uache hapohapo.

Kwenye "watoto wao" nilisimama kidogo. Nilipoona nimekaa sana hapo nikaenda kuchemsha maji ambayo sikuwa na haja nayo. Binti amepiga simu, kwa mara ya kwanza nimeipokea, na hatukusema chochote cha maana wala hakuna nakala. Alikuwa analia, mimi sikulia, nilikuwa na mafua.

Jina langu nimeliandika kwenye karatasi ya pembeni, kwa mkono. Nilijaribu kwa mashine likatoka vibaya. Nililiandika tena na tena mpaka likatulia, nimekuletea lililo bora. Mwambie mchapaji asilipunguze ukubwa kuliko mengine. Asilizidishe pia.

Na siku ya harusi, wewe na suti yako moja mkae mbele, niwaone mnavyoteseka. Nyuma ya nguzo hakuna hewa, ameniambia mwenye kujua.

Utaangalia hapo chini utaona hakuna k.n.y. Sikusahau.

Shangazi na mlezi wa bibi harusi